Tundu moja la pua halipitishi hewa, na kunyonya kumekuwa ugomvi

*Shikamoo Daktari. Mimi ni Mama Baraka, wa Ngaramtoni, Arusha. Mwanangu wa kiume ana wiki 5. Alizaliwa na kilo 3.1, wiki ya pili alikuwa na 3.1 hiyohiyo, na juzi kliniki kapimwa ana 3.3. Tangu tutoke hospitali tundu lake la kulia la pua lina kamasi zito lisiloisha, la kushoto ni safi. Akinyonya anavuta mara tatu nne, anaachia, anahema, anatoka jasho kichwani, anarudi tena. Ziwa la kushoto anajitahidi, la kulia ni ugomvi mtupu. Zahanati wamesema ni vumbi na baridi, wakanipa matone ya maji ya chumvi. Wiki hii kapata mafua ya kweli, na jana usiku akiwa kwenye ziwa midomo ilibadilika ikawa kama ya bluu. Nilipomtoa akalia sana, akarudi kawaida. Mama mkwe anasema ni kimeo kirefu, kuna mzee anakata, na nimtie mafuta ya kondoo puani. Baba yake anasema tusubiri, akikua pua itafunguka. Nimsikilize nani?*

Marahaba, Mama Baraka. Sehemu hii ya kwanza nilikutumia kwa simu siku ileile barua yako iliponifikia, na naiweka hapa kwa ajili ya wasomaji wengine. Mtoto wa wiki 5 aliyebadilika rangi akinyonya hasubiri kesho. Anapelekwa leo, tena kwenye hospitali yenye wodi ya watoto na oksijeni. Kwa mtu wa Ngaramtoni, nenda Mount Meru. Njiani mbebe wima kifuani, usimpe ziwa ili tu anyamaze, na akilia mwache alie. Kwa watoto wetu midomo pekee inaweza kudanganya, kwa hiyo akibadilika tena tazama ulimi na fizi: zikiwa za bluu au kijivu, oksijeni imeshuka kweli.

Sasa tuzungumze. Kilichonishtua kwenye barua yako ni maneno mawili matatu ambayo pengine wewe uliyapitia haraka: alilia, akarudi kawaida. Mtoto mwenye tatizo la moyo au nimonia akilia sana kwa kawaida huzidi kuchoka na rangi huzidi kuharibika. Mtoto ambaye pua ndiyo iliyoziba hufanya kinyume chake. Akitulia mdomo umefungwa anakosa hewa, akipanua mdomo kulia hewa inaingia na rangi inarudi. Ukimwona mtoto anageuka bluu akiwa kimya na anachangamka akilia, wazo la kwanza liwe pua.

Sababu iko kwenye umbo la koo la mtoto mchanga. Sanduku lake la sauti limekaa juu kuliko letu watu wazima, kiasi kwamba kile kifuniko cha njia ya hewa kinafika karibu na kaakaa laini nyuma ya mdomo, na ulimi wake mkubwa unajaza karibu kinywa chote. Mpangilio huo una faida kubwa: maziwa yanapita pembeni kwenda tumboni huku hewa ikishuka kutoka puani kwenda mapafuni, karibu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mtoto mwenye pua nzima ananyonya dakika kadhaa bila kuachia ziwa, jambo ambalo mimi na wewe hatuliwezi hata kwa glasi ya maji. Gharama yake ni kwamba miezi ya mwanzo anategemea pua karibu kwa kila pumzi. Kupumua kwa mdomo anakuja kukuzoea taratibu, na watoto wengi wanakuwa na uhakika nako baada ya miezi michache.

Akishika ziwa, mdomo umezibwa kabisa. Kama pua nayo imebana, anavuta mara tatu nne, pumzi inamwishia, anaachia, anahema, anarudi. Kila akirudi ameshachoka zaidi na amemeza upepo mwingi. Jasho kichwani ni la mtu anayefanya kazi ngumu, ingawa jasho la kunyonya ni dalili ya moyo pia, na daktari atausikiliza moyo kwa sababu hiyo. Mwishowe analala hajashiba, na mama anaambiwa maziwa yake hayatoshi.

Kadi yako ya kliniki inaonyesha hivyo hivyo. Watoto wengi hupungua kidogo siku za kwanza, wanarudi uzito wa kuzaliwa kufikia siku ya 10 hadi 14, halafu wanaongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku. Wako alirudi vizuri wiki ya pili. Tangu hapo zimepita siku 21, na kwa gramu 25 tu kwa siku angeongeza kama 525, awe na kilo 3.6 hivi. Ameongeza 200. Hiyo ni chini ya gramu 10 kwa siku, na kwa macho yangu namba hiyo peke yake, hata bila ile bluu, ingetosha kumtoa zahanati.

Haya, kwa nini tundu moja? Pua ya kila mtu ni kama chumba kirefu chenye mlango wa mbele, unaouona, na mlango wa nyuma unaotokea kooni, juu ya kaakaa. Huo wa nyuma unaitwa koana, na uko mmoja kwa kila tundu. Mtoto anapoumbwa, katika miezi miwili ya mwanzo ya mimba, nyuma ya pua kuna utando ambao kwa kawaida hutoboka wenyewe. Usipotoboka, au mfupa wa pembeni ukikua kuelekea katikati, mlango unabaki umezibwa. Hali hiyo inaitwa atresia ya koana. Hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 5,000 hadi 8,000, kwa hiyo muuguzi wa zahanati anaweza kustaafu bila kuiona, na simlaumu aliyesema ni vumbi. Mara nyingi inaziba upande mmoja tu, na upande wa kulia huongoza.

Ikiziba pande zote mbili, hakuna anayeikosa: mtoto anapata shida mezani palepale alipozaliwa, na wanamwekea kipitishio cha hewa mdomoni. Ikiziba upande mmoja, tundu lililobaki linambeba. Anapita chumba cha kujifungulia salama, anakwenda nyumbani. Dalili yake ni ya pole: tundu moja, lilelile kila siku, lenye kamasi zito linalonata, kwa sababu kamasi ambalo kwa kawaida huteleza kwenda kooni na kumezwa halina pa kutokea nyuma. Wapo wanaogunduliwa wakiwa shuleni. Lakini mtoto huyo akipata mafua katika wiki zake za mwanzo, tundu zima nalo linavimba, na kwa siku hizo anakuwa sawa na aliyeziba pande zote. Nadhani hicho ndicho kilichotokea usiku ule. Nasema nadhani, maana sijamshika mtoto.

Hata ugomvi wa ziwa la kulia una maelezo yanayoelekea hapo. Ukimpakata kwa kawaida kwenye ziwa la kulia, analalia ubavu wa kushoto, na tundu lake la kushoto, ambalo ndilo zima, linakuwa chini, rahisi kubanwa na ziwa na mkono wako. Kwenye ziwa la kushoto tundu hilo linakuwa juu. Akishatulia, jaribu hivi: mweke kwenye ziwa la kushoto kama ulivyozoea, halafu bila kumgeuza mtelezeshe hadi ziwa la kulia, miguu yake ipite chini ya kwapa lako la kulia. Kiganja chako kishike shingo na mabega, si kisogo, ili aweze kurudisha kichwa nyuma kidogo. Mtoto asiye na tatizo la pua naye anaweza kupendelea ziwa moja, kwa hiyo peke yake hilo halithibitishi kitu.

Kuna kipimo kimoja unachoweza kufanya nyumbani, kama mtoto ametulia na rangi yake ni nzuri. Tia matone mawili ya maji ya chumvi yale ya duka la dawa, ya asilimia 0.9, kwenye kila tundu. Subiri dakika moja, futa kinachotoka mbele kwa kitambaa laini. Chukua kijiko kinachong'aa kilichopoa, na asubuhi za Ngaramtoni kijiko hakihitaji friji, kishike mlalo chini ya pua mtoto akiwa amefumba mdomo. Pua nzima inaacha ukungu sehemu mbili. Ukungu ukitokea upande mmoja tu, rudia baada ya kusafisha tena. Kamasi kavu likitoka na ukungu wa pili ukaja, tatizo lilikuwa kamasi. Usipokuja mara zote, umepata neno la kumwambia daktari. Kijiko hakiwezi kukuambia tundu limezibwa na nini.

Hospitali watapitisha mpira laini, ule wa kunyonyea uchafu, namba 5 au 6, uliopakwa jeli. Napenda anayepima aanze na tundu zima ili awe na cha kulinganisha. Mpira unapita kwenye sakafu ya pua, umeelekezwa nyuma na si juu kuelekea macho, na ukifika unaonekana kooni ukifungua kinywa na kumulika. Kisha unaingizwa upande wenye shida. Kwa mtoto mwenye atresia unagota kwenye sentimita 3 hadi 3.5 hivi kutoka ukingo wa tundu, na hausogei. Ukigota mapema, sentimita 1 au 2, kikwazo kiko mbele: pengine nyama ya ndani ya pua imevimba, ukuta wa katikati umepinda wakati wa kuzaliwa, au mlango wa mbele wa mfupa ni mwembamba. Hayo ni matatizo mengine yenye matibabu mengine, kwa hiyo muulize aliyepima uligota wapi, na aandike sentimita kwenye faili.

Kipimo hiki chepesi kina mitego miwili. Mpira laini unaweza kujikunja ndani ya pua, mwenye kusukuma akahisi unaingia tu, akaandika "umepita". Ndiyo maana lazima uonekane kooni, usipoonekana haujapita. Mtego wa pili ni kurudia rudia. Pua ya mtoto wa kilo 3.3 inavimba upesi na kutoka damu, na baada ya majaribio manne hata pua nzima itaonekana imeziba. Ukigota mara moja, mara mbili, basi, mtoto aandikiwe rufaa.

Rufaa ya kwetu Kaskazini ni KCMC, Moshi, kwa madaktari wa masikio, pua na koo. Wao wananyonya kamasi vizuri, wanatia puani dawa ya kupunguza uvimbe kwa kipimo cha mtoto mchanga, halafu wanapitisha kamera nyembamba inayopinda mpaka wauone mlango wenyewe. Baadaye kunakuja siti skani ya pua. Hiyo haihitaji haraka kwa aliyeziba upande mmoja, ila ndiyo inayoonyesha kilichoziba ni mfupa au utando, na unene wake. Mara nyingi ni vyote viwili, na mfupa hukosekana kwa nadra. Pua isiposafishwa muda mfupi kabla ya kuingia kwenye mashine, kamasi nalo huonekana kama ukuta, picha ikasomwa vibaya. Si vibaya ukamkumbusha mtaalamu wa mashine, hatakasirika.

Watamtazama pia macho, watampima moyo kwa altrasaundi, usikivu na pengine figo. Usiogope ukiona anazungushwa idara zote hizo. Atresia ya koana wakati mwingine ni sehemu ya kundi la kasoro zinazokwenda pamoja, linaloitwa sindromu ya CHARGE. Kundi hilo huonekana zaidi kwa walioziba pande zote mbili, na mtoto aliyeziba upande mmoja mara nyingi hana kingine. Watakuuliza kama ulitumia kabimazoli, dawa ya tezi ya shingo, mwanzoni mwa mimba, kwa sababu imehusishwa na kasoro hii. Nenda na kadi yako ya ujauzito pia. Kaswende ya kuzaliwa nayo humpa mtoto mafua mazito yasiyokoma, mara nyingi tundu zote mbili na wakati mwingine yenye damu, na jibu la kipimo chako limeandikwa humo.

Kuhusu mama mkwe. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kiko chini ya kaakaa, na mlango niliouelezea uko juu yake. Hata kikikatwa chote, hakuna hewa hata kidogo itakayoongezeka puani. Kitakachoongezeka ni damu, kidonda kooni na uwezekano wa pepopunda, kwa mtoto ambaye tayari kumeza kunamshinda. Mafuta ya kondoo puani yanateleza hadi mapafuni na kuleta nimonia isiyopona upesi. Vivyo hivyo dawa za kupaka zenye menthol, na matone ya kuzibua pua ya watu wazima, ambayo kwa mtoto mchanga yanaweza kupunguza mapigo ya moyo na pumzi. Usibishane naye kuhusu mila. Mshikishe kijiko, apime mwenyewe, umwambie "Mama, hewa inakwama hapa puani, kooni kuna nafasi." Bibi aliyeona ukungu upande mmoja ndiye atakayemzuia yule mzee mlangoni, na mama mkwe anayesimama upande wako anafaa kuliko daktari.

Baba Baraka naye ana nusu ya ukweli. Mfupa haufunguki kwa kukua. Lakini upasuaji wa upande mmoja kweli husubiriwa, mara nyingi hadi mtoto apite mwaka au zaidi, kwa sababu pua ikiwa kubwa kazi inafanyika kwa nafasi na uwezekano wa tundu kujifunga tena kwa kovu unapungua. Unafanywa kupitia puani kwa kamera, bila kumkata usoni. Kujifunga tena si jambo la nadra, kwa hiyo kuna kurudi kliniki na pengine kupanuliwa tena. Asubiri basi, lakini akiwa amegunduliwa, anaongezeka uzito, na nyumbani mnajua la kufanya. Kama uzito utaendelea kugoma au ile bluu itajirudia, madaktari watalisogeza jambo mbele.

Mafua haya yakipungua na wakikuruhusu kurudi nyumbani, lengo la kwanza ni maziwa. Kwa kilo 3.3, mililita 150 kwa kila kilo ni karibu 500 kwa siku, yaani kama 60 kwa kila mlo ukimlisha mara 8. Mnyonyeshe kwanza akiwa hajachoka, baada ya matone ya maji ya chumvi na kufuta pua. Akianza kuachia na kuhema mtoe, na kilichobaki mpe maziwa uliyoyakamua kwa kikombe kidogo. Mketishe wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, alambe mwenyewe kwa mwendo wake. Usimmiminie. Akishindwa hata kikombe, hospitali wanaweza kumwekea mpira wa kulishia, na kwa mtoto huyu upitie mdomoni, maana ukipita puani utaziba tundu pekee linalompa hewa. Hilo likumbuke hata siku wauguzi wamebanwa na kazi, uwaambie mapema.

Mpime uzito kila wiki kwa mwezi huu. Na kila mafua yatakayompata kabla hajafikisha miezi sita yahesabiwe kuwa ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, hasa akishindwa milo miwili mfululizo, akipitisha saa sita bila kukojoa, au nyama chini ya mbavu zikibonyea ndani akivuta pumzi. Atakayekupokea mwambie moja kwa moja: "Tundu la kulia halipitishi hewa, na la kushoto sasa lina mafua."